Kilo Zilizokaa Ndani ya Mashine

Msimu wa pamba tuliishi kama watu walio ndani ya wingu. Nyuzi nyeupe zilikuwa juu ya mapaa, kwenye nywele za watoto, kwenye uji. Ukipiga chafya asubuhi, unatoka mvuke mweupe wa pamba ya jana. Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, nyumba zimepangwa mistari kama mahindi, na watu wazima bado walikuwa wakiamka na kutoka nje upande usio na mlango, kwa mazoea ya nyumba zao za zamani. Misima ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Korogwe ilikuwa mbali kiasi kwamba mtu aliyetoka huko alipokelewa na kuulizwa habari mpaka anachoka.

Mimi nilikuwa karani wa kituo cha kupimia pamba. Nilikuwa nimemaliza shule miaka michache nyuma, mwandiko wangu ulisomeka, na mkutano wa kijiji uliona inatosha. Kituo kilikuwa kibanda cha mabati bila kuta, na chini yake mizani ya kuning'iniza iliyofungwa kwenye magogo matatu. Kazi ya kusoma mizani ilikuwa ya mzee mmoja wa Kizigua, mrefu, mkimya, ambaye aliutazama mshale kama mtu anayemsikiliza mgonjwa. Gunia likining'inia anasubiri liache kuyumba, kisha anatamka kilo kwa sauti ya chini, nami naandika.

Kuandika hakukuwa tabu. Tabu ilikuwa kujumlisha.

Lori la kubeba pamba lilikuja kwa nadra, kwa sababu miaka ile mafuta yalikuwa ya shida, na likija lilipaswa kuondoka na karatasi ya mzigo yenye jumla ya kilo. Nikishamaliza kupima nilikaa na kitabu magotini, nikaanza juu ya ukurasa kushuka chini, midomo ikicheza. Ndipo watu wanapokuja kunisalimia.

Kwetu salamu haipitwi. Mzee akitokea, kijana ndiye wa kuanza, na ukinyamaza huna adabu. Nitakuwa nimefika elfu moja mia nne na kitu, nusu ya ukurasa, na bibi mmoja anapita na mzigo wa kuni. Nainua uso. "Shikamoo bibi." Anasimama, anautua mzigo. "Marahaba mwanangu. Mama yako ameamkaje? Na kile kifua cha baba? Na huyo wifi yako, tumbo linaendeleaje?" Nikimjibu yote hayo, elfu moja mia nne imeshaondoka. Imepeperuka tu kama ule uzi wa pamba unaouona mbele ya jicho na ukiunyooshea mkono haupo. Naanza tena juu. Msimu mmoja lori lililala kijijini kwa sababu jumla yangu ya kwanza na ya pili hazikupatana, na ya tatu haikupatana na yoyote kati ya hizo mbili. Dereva alilala chini ya lori, akaondoka asubuhi bila kunywa chai yetu.

Nilimweleza mama mdogo habari hizo nilipokwenda kumsalimu kule Manundu, Korogwe. Huyu ni mdogo wake mama, aliyeolewa na mtu wa mashambani, kijana ambaye babu yake aliletwa kutoka kusini kukata mkonge na asirudi tena kwao. Mama mdogo alifanya kazi ofisini kwenye shamba moja la mkonge, akijumlisha mizigo ya majani iliyoletwa na wakataji. Nyumba yao ilikuwa chumba na ukumbi, na uani kulikuwa na jiko la mkaa, ungo wa mchele wa Magoma uliokuwa ukingoja kuchambuliwa, na juu ya kigoda, amini usiamini, mashine ndogo ya kijivu isiyozidi kiganja.

"Ilikuwa ya mhasibu wetu aliyehama," alisema. "Aliniuzia kabla hajaondoka. Ofisini sasa wana kubwa, ya kuchomeka ukutani. Hii nimechoka kuiona imelala, ichukue wewe. Keti."

Aliiwasha kwa kidole gumba. Sifuri moja nyekundu ikawaka kwenye kidirisha cheusi, kama kaa la moto lililobaki peke yake jikoni. Nilitaka kuigusa ile sifuri.

Nilijua kwamba mashine hizo zinajumlisha. Nilidhani ndiyo yote. Mama mdogo alinionyesha vitufe vinne vya pembeni ambavyo kila kimoja kilikuwa na herufi M.

"Hivi ndivyo vyako," alisema. "Hii M ni ya kumbukumbu. Fikiria kuna chumba cha nyuma humu ndani, huwezi kukiona. Andika ishirini na tano."

Nikaandika.

"Sasa bonyeza M yenye alama ya kujumlisha."

Nikabonyeza. Kidirisha kikabaki na ishirini na tano ileile. Nikamwangalia.

"Usishangae. Haikuonyeshi chochote, lakini ishirini na tano imeingia chumba cha nyuma. Andika arobaini. M ya kujumlisha. Andika kumi na nane. M ya kujumlisha. Haya, sasa nisalimie."

"Nikusalimieje? Tumeshasalimiana."

"Nisalimie tena."

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo? Mvua zimenyesha? Yule ng'ombe wa jirani bado anaingia shambani kwenu?" Aliniuliza mpaka nikaanza kucheka, na huku akiuliza alikuwa akichambua mchele, chuya zikienda upande mmoja na punje nzima upande mwingine. Kisha akasema, "Sasa kokotoa saba mara sita."

Nikafanya. Arobaini na mbili.

"Zile za kwanza zimekwenda wapi?"

"Zimepotea. Nimeandika juu yake."

"Bonyeza MR."

Nikabonyeza. Themanini na tatu ikajitokeza, nyekundu, tulivu, kana kwamba ilikuwa imekaa pale muda wote ikitusikiliza. Ishirini na tano, arobaini, kumi na nane. Nilizijumlisha kichwani mara mbili kuhakikisha. Kuna furaha fulani ndogo ambayo sijawahi kuieleza vizuri kwa mtu yeyote, na ile ilikuwa mojawapo. Nilihisi kama nimeambiwa kwamba kila kitu nilichowahi kusahau kipo mahali.

Tulikaa uani mpaka maharage yakaungua kidogo. Alinifundisha kwamba kitufe cha C kinafuta kilicho kwenye kidirisha tu, chumba cha nyuma hakiguswi. Kukisafisha hicho ni MC, na ufanye hivyo kabla ya kuanza orodha mpya, kila siku, hata kama unaapa kwamba ni kitupu. Ukiingiza namba isiyo sahihi, usifute kazi nzima; iandike tena namba hiyo mbaya, bonyeza M ya kutoa, kisha ingiza iliyo sahihi. Ukishaiita jumla kwa MR, angalia, andika pembeni kwa penseli, lakini usije ukabonyeza M ya kujumlisha hapo hapo, maana jumla itaongezwa juu yake yenyewe na utakuwa na pamba mara mbili.

"Na jambo kubwa kuliko yote," alisema. "Ukibonyeza M ya kujumlisha kidirisha hakibadiliki. Mtu akikuita wakati huohuo, ukirudi hutajua kama ulibonyeza au hukubonyeza. Kwa hiyo namba ikishaingia, weka alama ya vema mbele yake kitabuni. Kwanza kitufe, halafu vema. Kila mara. Na usiizime mpaka umeandika. Hii ikizimwa inasahau yote."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeifunga kwenye pindo la kanga.

Mzee wa mizani aliitazama kwa muda mrefu siku ya kwanza. Nilimweleza ilivyo. Akauliza swali moja tu.

"Haisahau?"

"Haisahau, mzee. Mpaka uizime."

"Basi usiizime," alisema, akageukia gunia lililokuwa likimngoja.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya lori la mwisho la msimu. Mawingu yalikuwa yameanza kurundikana, na pamba ikinyeshewa inageuka rangi, inahesabiwa fifi, ya bei ndogo, badala ya safi. Lori lilifika asubuhi na mapema, dereva wake kijana wa Korogwe mwenye koti lisilo na mikono. Tulianza kupima umande haujakauka. Gunia likishapimwa, vijana wanalipandisha juu moja kwa moja. Mzee anatamka, naandika kitabuni, naandika kwenye mashine, M ya kujumlisha, vema. Mzee anatamka, naandika.

Ukifanya hivyo kwa saa nyingi, akili inaondoka. Nakumbuka harufu ya magunia na joto la mabati. Nakumbuka sauti za watu zikija kwangu kama kutoka ng'ambo ya mto. Nilisalimia kila aliyepita. Mama mmoja alikuja kuniuliza jumla ya pamba yake yote tangu msimu uanze. Nikafungua kurasa za nyuma, nikaijumlisha kwa vitufe vya kawaida juu ya kidirisha, nikamwambia, akaenda zake ameridhika, na mzigo wa lori ulikuwa bado umekaa kimya chumba cha nyuma. Kila ukurasa ulipojaa niliita MR na kuandika jumla chini yake kwa penseli. Nilikuwa na utulivu usio wa kawaida. Nilijiona kama mtu aliyebeba maji kichwani na hayamwagiki, hata akigeuka kutazama ndege.

Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa na mimba kubwa. Yeye na mimi tulikuwa na umri mmoja. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kimya, mwaka uliotangulia, na tangu hapo alikuwa na tabia ya kukaa mlangoni jioni, mkono juu ya tumbo tupu. Safari hii hakuna aliyethubutu kumtania kuhusu jina wala kushona nguo. Kaka alikuwa amekwenda kwenye shamba la mbali tangu juzi yake.

Nilikuwa nimeanza ukurasa mpya. Ule uliotangulia ulikuwa umefungwa kwa 3,862. Nikaingiza 41, nikaweka vema. Nikaingiza 38, nikaweka vema. Mzee akatamka hamsini na saba. Nikaandika kitabuni, nikaandika kwenye mashine, na hapo nikaisikia sauti ya mama yangu.

Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kivuli cha kibanda, kanga yake imelowa mbele.

"Njoo," alisema. "Wifi yako."

Niliweka penseli chini. Nilimwambia mzee, "Tafadhali, pasiwe na mtu wa kuigusa hii," na nikakimbia.

Wifi alikuwa amelala kwenye mkeka chumbani kwa mama, kichwa amekiegemeza ukutani. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri naye alikuwa amenyamaza, akitumaini. Mkunga wetu, mama wa makamo mwenye mikono mipana, alikuwa amepiga magoti. Aliinuka akanivuta nje.

"Mtoto amekaa vibaya," alinong'ona. "Amelala kama gogo njiani. Mimi simwezi huyu. Anatakiwa hospitali, Korogwe, na asichelewe."

"Kuna lori," nilisema.

"Basi liondoke sasa."

Nilirudi kituoni mbio. Wakati nilipokuwa kule ndani, mzee alikuwa hajasimama. Alikuwa amemaliza magunia manne yaliyobaki na kuyaandika yeye mwenyewe kitabuni, kwa tarakimu zake kubwa zilizolala upande: 29, 44, 36, 52. Vijana walikuwa wakifunga kamba. Nikamwendea dereva na kumweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Dada, nitambeba. Kwa nini nisimbebe? Lakini nipe karatasi ya mzigo. Nikifika kwenye kizuizi cha barabarani na pamba bila karatasi, watanishusha pale, na mgonjwa atashushwa nami. Jumla yako huwa inachukua muda gani?"

Alikuwa amesimuliwa na mwenzake, yule aliyelala chini ya lori.

"Karibu imekwisha," nilisema.

Niliketi. Watu walikuwa wamenizunguka, wengine wakiniuliza wifi ana hali gani, wengine wakinisalimia kwa sauti ya pole. Mashine ilikuwa palepale nilipoiacha. Ilikuwa imewaka tangu asubuhi, na nyekundu yake ilikuwa imefifia sana. Nilishusha kanga kichwani na kutengeneza giza dogo, nikainama ndani yake. Kulikuwa na ukimya huko chini ya kitambaa. Kwenye kidirisha niliona hamsini na saba.

Na mbele ya hamsini na saba kitabuni hapakuwa na vema.

Nilijaribu kukumbuka kidole changu. Nilijiona nikiandika tano, nikiandika saba. Nilimwona mama na kanga iliyolowa. Katikati ya hayo hapakuwa na kitu, ukungu tu. Huenda nilibonyeza nikakosa nafasi ya kuweka vema. Huenda sikubonyeza. Hamsini na saba ile ingeonekana vilevile kwa namna zote mbili. Nikahisi ile hali ya zamani, ya namba kuinuka na kupeperuka.

Kisha nikaisikia sauti ya mzee wa mizani, nje ya kanga, polepole kama anayesubiri gunia litulie. "Hakuna aliyeigusa, mwanangu. Nilisimama hapa."

Nikavuta pumzi. Chumba cha nyuma kilijua, hata kama mimi sikujua. Ukurasa uliopita ni 3,862. Na 41, na 38: 3,941. Kama hamsini na saba imo, itakuwa 3,998. Nikabonyeza MR.

Ilikuja kwa mwanga hafifu, ikabidi nisogeze jicho. 3941.

Sikuwa nimebonyeza. Nikaiandika upya hamsini na saba, kwa kuwa kuita jumla kulikuwa kumeifuta kwenye kidirisha, nikabonyeza M ya kujumlisha, nikatoa mkono nje ya kanga na kuweka vema. Baada ya hapo zile nne za mzee, moja moja, kila moja na vema yake. MR: 4159. Nikaiandika. Hiyo ilikuwa pamoja na uzito wa magunia yenyewe.

"Magunia mangapi?" niliuliza.

"Tisini na sita," alisema mzee.

"Tisini na sita," alisema dereva, ambaye naye alikuwa amehesabu upande wake.

Kila gunia tupu tulilihesabia kilo moja na nusu. Tisini na sita mara moja nukta tano, sawa na mia moja arobaini na nne. M ya kutoa. Nikabonyeza MR mara ya mwisho, na ndani ya giza lile dogo ikatokea 4015, nyekundu iliyofifia kama kaa lililofunikwa majivu. Nilifunua kanga. Mwanga wa mchana ulinipiga machoni. Niliandika kilo elfu nne na kumi na tano kwa tarakimu na kwa maneno, nikatia sahihi, mzee akatia yake, dereva akatia yake. Kahawa aliyopewa dereva ilikuwa bado inafuka.

Vijana walikuwa wameshasogeza magunia ya juu na kufanya shimo katikati kama kiota. Wifi alipandishwa kwa mkeka, wanaume wanne, kila mmoja ameshika pembe yake. Mkunga alipanda, nami nikapanda. Mama alibaki kwa ajili ya baba. Alinirushia kanga mbili na chupa ya chai, akashika ubavu wa lori kwa kiganja, kama unavyomshika ng'ombe kumtuliza, mpaka lilipoanza kwenda.

Safari ile sikumbuki kama barabara. Naikumbuka kama usingizi. Tulikuwa juu, karibu na matawi, na pamba ilituchukua. Shimo la barabara likija tulilisikia kwa mbali, lori linazama na kuinuka, na sisi tunazama na kuinuka kwa kuchelewa kidogo. Nyuzi zilitoka kwenye mishono ya magunia zikatufuata nyuma mstari mrefu. Wifi alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu. Uchungu ukija alikaza, ukiondoka alilegeza, akatazama mawingu.

"Ongea," aliniambia mara moja.

"Niongee nini?"

"Chochote. Unaongea na watu kutwa nzima kule kwenye mizani."

Nikamsimulia habari za chumba cha nyuma. Nilimwambia kwamba unaingiza kitu na hukioni, uso wa mashine haubadiliki, unaendelea na mambo yako, na kumbe kipo. Sikuwa na maana nyingine yoyote, nilikuwa nikimweleza kazi yangu tu. Lakini aliniachia mkono, akaweka kiganja chake juu ya tumbo.

"Huyu hajacheza tangu asubuhi," alisema.

Mkunga alisogea. Aliweka sikio lake pale, akafumba macho. Lori lilinguruma chini yetu, na sikuona ni vipi mtu angeweza kusikia kitu. Alikaa hivyo muda mrefu sana.

"Yupo," alisema.

Kizuizini mgambo alisoma karatasi, akapanda kwenye gurudumu kutazama, akatuona, akashuka na kuinua mti. Milima ya Usambara ilitokea mbele, ya buluu, haina uzito. Tulivuka mto Pangani jua likiwa limelala upande, tukaingia kwenye mikonge, mistari na mistari, kila mmoja ukifunguka na kujifunga tunapoupita. Niliitoa mashine pindoni, sijui kwa nini. Nilibonyeza MR. Kwa nukta moja niliona nne na sifuri, halafu kidirisha kikawa cheusi. Betri zilikuwa zimekwisha. Niliibonyeza tena na tena, kisha nikaifunga kwenye kanga.

Dereva hakwenda kwanza kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba. Alipitisha lori zima la pamba kwenye geti la hospitali ya wilaya, akashuka kuita machela. Wauguzi walitoka wakatazama juu, wakatuona tuko weupe nywele mpaka kope, na mmoja wao akacheka kabla ya kujizuia. Wifi aliingizwa ndani, mlango ukafungwa. Mkunga wetu alizuiwa nje pamoja nami. Alikaa barazani, akaiweka mikono yake mipana magotini.

Mama mdogo alifika akitokea Manundu, sijui nani alimwambia. Alileta wali kwenye hotipoti. Hatukula. Alinitoa nyuzi za pamba kwenye nywele, mmoja mmoja, akizikusanya kiganjani kama alivyokuwa akikusanya chuya.

"Na mashine?" aliuliza baada ya muda.

"Imezimika. Lakini niliandika."

"Vizuri," alisema, akaendelea na nywele.

Ilikuwa upasuaji. Daktari alitoka mwenyewe kutueleza, mtu mchovu aliyeongea akitazama sakafu, na kwa jinsi alivyotazama sakafu nilidhani najua atakachosema. Akasema mama ni mzima. Akasema mtoto ni wa kike, alichelewa kulia, lakini amelia. Akasema kama tungechelewa mpaka asubuhi asingekuwa na la kufanya. Mkunga wetu alianza kulia kwa sauti ndogo, bila kufunika uso, na mama mdogo akamshika bega.

Niliruhusiwa kumwona mtoto kutoka mlangoni tu. Alikuwa amefungwa kanga moja kati ya zile mbili alizonirushia mama. Ngumi yake ilikuwa imetokeza nje. Nilimtazama mpaka muuguzi akaniomba nipishe.

Kaka alifika kesho yake, mchana, kwa baiskeli. Alikuwa amerudi kutoka shamba la mbali jioni ileile, akaambiwa, akaondoka na baiskeli ya mwenyekiti bila kubadili nguo. Alikuwa amepakwa vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Aliniona barazani akasimama pale alipokuwa, mikono kwenye usukani, na hakuuliza. Nadhani aliogopa kuuliza. Alikuwa ameshawahi kuuliza mwaka uliopita, mlangoni kwa mama, na kujibiwa.

"Shikamoo kaka," nilisema.

Alikaza mikono kwenye usukani.

"Wote wazima," nilimwambia. "Wote wawili. Ni msichana."

Aliilaza baiskeli chini polepole sana, kana kwamba ilikuwa imelala usingizi. Kisha akaketi kando yake kwenye mchanga, pale uani hospitalini, watu wakipita, akavua kiatu kimoja na kuanza kukung'uta vumbi, akakikung'uta na kukikung'uta hata kilipokuwa hakina kitu tena. Nilikwenda kuketi naye. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi alipotokeza mlangoni na kusema baba wa mtoto anaweza kuingia, lakini anawe kwanza.